Famwea imechomwa sawasawa, mbona bodi imeganda? Jedwali la vekta na faili la kuanzishia

Programu ya kuchomea imefika asilimia mia, imehakiki, imesema kila kitu ni sawa. Unabonyeza riseti, taa ya bodi inawaka, halafu basi. Haizimi, na bandari ya siriali haitoi hata herufi moja. Unachoma tena, majibu ni yale yale. Hapa wengi huanza kushuku waya, umeme au chipu yenyewe, na siku nzima inaweza kupotelea huko.

Tuanze na maana ya huo uhakiki. Kifaa cha kuchomea kinaandika baiti kwenye flashi, kisha kinazisoma tena na kuzilinganisha na faili lililoko kwenye kompyuta. Zikilingana, kazi yake imekwisha. Hakiulizi kama prosesa itazikuta baiti hizo pale inapoangalia ikiamka, wala kama anwani zilizomo ndani yake zinaelekea mahali pa maana. Kwa hiyo famwea inaweza kuwa imeandikwa bila kosa hata la biti moja na bado isifanye kazi. Mara nyingi ikitokea hivyo, tatizo liko kwenye maneno machache ya mwanzo wa famwea, yaani jedwali la vekta, au kwenye faili fupi linalolitengeneza.

Nitashika mfano mmoja, maikrokontrola ya STM32F407 yenye kiini cha Cortex-M4, kwa sababu ndiyo inayokutwa kwenye bodi nyingi na kosa hili huonekana kwake waziwazi. Mantiki ni ile ile kwa ndugu zake wa Cortex-M3 na M7.

Prosesa ya Cortex-M ikitoka kwenye riseti haianzi kutekeleza amri moja kwa moja. Kwanza inasoma maneno mawili ya biti 32. Neno lililo kwenye anwani 0x00000000 inalitia kwenye kielekezi cha staki. Neno linalofuata, kwenye 0x00000004, inalichukulia kuwa anwani ya funksheni ya kwanza, ile iitwayo Reset_Handler, na kurukia huko. Kwenye STM32, ukiwa umeweka pini ya BOOT0 chini, anwani 0x00000000 ni kivuli cha 0x08000000, ambako flashi inaanzia. Kwa hiyo maneno mawili ya kwanza ya flashi ndiyo yanayoamua kama bodi itaamka.

Baada ya hayo mawili, jedwali linaendelea. Kila neno ni anwani ya funksheni ya kushughulikia tukio fulani. Nafasi ya 3 ni ya HardFault, yaani hitilafu nzito ya prosesa, ya 15 ni ya SysTick ambayo ni saa ya ndani ya prosesa, na kuanzia nafasi ya 16 ni makatizo ya vifaa: taima, bandari za siriali, USB na wengineo. Katizo likitokea, prosesa inachukua anwani ya mwanzo wa jedwali, inaongeza namba ya nafasi mara nne, inasoma neno lililopo na kurukia huko. Haina njia ya kujua kama jedwali hilo ni lako.

Mwanzo wa jedwali unatoka kwenye rejista iitwayo VTOR, iliyoko 0xE000ED08. Baada ya riseti VTOR ni sifuri, na kwa kuwa sifuri ni kivuli cha mwanzo wa flashi, famwea ya kawaida inayokaa mwanzoni hufanya kazi bila mtu kuigusa rejista hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika famwea miaka mingi bila kujua kama ipo. Siku anapoongeza butloda, yaani programu ndogo inayoamka kwanza kisha kurukia famwea kuu, ndipo inapomkumba.

Chukua basi butloda iliyokaa mwanzoni mwa flashi, ikipewa KB 32 za kwanza, yaani sekta mbili za KB 16. Famwea kuu inaanzia 0x08008000. Mhandisi amebadilisha faili la linka inavyotakiwa:

```
FLASH (rx) : ORIGIN = 0x08008000, LENGTH = 992K
```

Amejenga, amechoma kwenye 0x08008000, uhakiki umepita. Butloda inaamka, inasoma maneno mawili kutoka 0x08008000, inaweka staki, inaruka. Famwea kuu inaanza kweli: inaingia main, inaita HAL_Init ya maktaba ya HAL kutoka ST, inapanga saa, inawasha taa. Kisha inaita HAL_Delay ya milisekunde 500 kabla ya kuizima. Hairudi tena.

HAL_Delay ni mzunguko tu unaosubiri kigeu kiitwacho uwTick kiongezeke. Kigeu hicho huongezwa na SysTick kila milisekunde. Saa ya SysTick inakwenda, na katizo linatokea mara elfu moja kwa sekunde kama lilivyopangwa. Lakini VTOR bado inaonyesha mwanzo wa flashi, kwa hiyo prosesa inachukua nafasi ya 15 kutoka 0x0800003C badala ya 0x0800803C. Inarukia SysTick_Handler ya butloda, inaitekeleza, inarudi. Kila milisekunde famwea yako inaingiliwa na msimbo wa programu nyingine iliyokwisha maliza zamu yake.

Hilo lina madhara kuliko linavyoonekana. SysTick_Handler ya butloda nayo inaongeza uwTick, lakini ile ya kwake, kwenye anwani ambayo linka iliipangia butloda ilipojengwa. Tazama:

```
$ arm-none-eabi-nm butloda.elf | grep -w uwTick
2000002c B uwTick
$ arm-none-eabi-nm app.elf | grep -w uwTick
200001b4 B uwTick
```

Famwea kuu inasubiri kwenye 0x200001B4. Katizo linaandika kwenye 0x2000002C. Kwenye famwea kuu, 0x2000002C ni makazi ya kigeu kingine kabisa, labda kipimo cha joto, labda kielekezi cha bafa. Kigeu hicho sasa kinachezewa kila milisekunde na hakuna mstari hata mmoja kwenye msimbo wako unaokigusa. Tena kiasi kinachoongezwa si lazima kiwe moja, kwa kuwa HAL inakisoma kutoka kigeu kingine, uwTickFreq, ambacho nacho butloda inakitafuta mahali pake pa zamani. Itaongeza chochote itakachokikuta hapo.

Kuna hali mbaya zaidi ya kuganda, nayo ni kutoganda. Ikiwa butloda na famwea kuu zimezaliwa kutoka kiolezo kimoja, linka inaweza kuziwekea uwTick na uwTickFreq anwani zile zile. Hapo SysTick ya butloda itaongeza kigeu sahihi kwa bahati tu, taa itawaka na kuzima, na kila mtu ataamini kazi imekamilika. Wiki mbili baadaye mtu anaongeza kigeu kimoja cha jumla, anwani zinasogea, na bodi inaganda. Atakayelaumiwa ni huyo aliyeongeza kigeu. Binafsi, nikisikia kwamba bodi iliganda baada ya badiliko dogo lisilohusiana na chochote, VTOR ni kati ya vitu vya kwanza ninavyoangalia.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Unganisha dibaga kwenye bodi iliyoganda bila kuiriseti, isimamishe, kisha uliza:

```
(gdb) x/wx 0xE000ED08
0xe000ed08:	0x08000000
(gdb) x/2wx 0x08008000
0x8008000:	0x20020000	0x08009c45
(gdb) info symbol $pc
HAL_Delay + 28 in section .text
```

Mstari wa kwanza ndio wenye jibu. Famwea inakaa 0x08008000 lakini VTOR inasema 0x08000000; hata ingesema sifuri, maana ingekuwa ile ile. Jedwali lenyewe ni zima: neno la kwanza, 0x20020000, ni mwisho wa KB 128 za RAM zinazoanzia 0x20000000, ambako staki ya F407 huanzia kwa kawaida ikishuka chini. Neno la pili liko ndani ya eneo la famwea kuu na ni namba witiri. Biti ya mwisho lazima iwe moja, kwani ndiyo inayomwambia prosesa kwamba amri ni za aina ya Thumb, na Cortex-M haijui nyingine. Ukikuta hapo namba shufwa, umekwisha pata kosa lako: prosesa itaangukia HardFault kabla ya amri ya kwanza.

Kuna dalili nyingine ninayoipenda kwa jinsi isivyo na utata. Katizo lenyewe likiwa ni la kifaa ambacho butloda haikuwahi kukitumia, tuseme USART2, jedwali la butloda litaipeleka prosesa kwenye Default_Handler ya butloda, na huo ni mzunguko usio na mwisho. Ukisimamisha hapo, ukiwa umepakia alama za famwea kuu, dibaga itakujibu No symbol matches $pc. Angalia PC yenyewe. Ikiwa iko chini ya 0x08008000 hali famwea kuu ilikwisha anza, basi prosesa imerudishwa kwenye butloda na katizo. Huhitaji ushahidi mwingine.

Marekebisho yako kwenye SystemInit, funksheni inayoitwa na faili la kuanzishia kabla ya main. Hapa pana mtego ulionasa watu wengi, kwa sababu faili la system_stm32f4xx.c limebadilika kati ya matoleo. Matoleo ya zamani yaliandika VTOR kila mara, yakijumlisha mwanzo wa flashi na VECT_TAB_OFFSET, ambayo kwa chaguo-msingi ilikuwa sifuri. Maana yake ni kwamba hata butloda yako ikiweka VTOR vizuri kabla ya kuruka, famwea kuu inaamka na kuirudisha 0x08000000 kwa mkono wake yenyewe. Matoleo mapya yanaiacha VTOR ilivyo mpaka uondoe alama ya maelezo kwenye USER_VECT_TAB_ADDRESS. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha VECT_TAB_OFFSET kuwa 0x8000, akajenga, na kusiwe na tofauti yoyote, kwa kuwa mstari unaoitumia haujengwi kabisa.

Mimi sipendi kuandika ofseti hiyo mara mbili, kwenye linka na kwenye C. Namba mbili zinazopaswa kulingana siku moja hazitalingana. Linka tayari inajua jedwali liko wapi, na faili la kuanzishia limekwisha kulipa jina. Mwambie SystemInit atumie jina hilo:

```c
extern uint32_t g_pfnVectors[];
SCB->VTOR = (uint32_t)g_pfnVectors;
__DSB();
```

Sasa ukihamishia famwea 0x08010000 kesho, unabadilisha faili la linka tu, VTOR inafuata yenyewe.

Si kila anwani inafaa, hata hivyo. Jedwali la F407 lina nafasi 16 za kiini na 82 za vifaa, jumla 98, ambazo ni baiti 392. Mwanzo wake lazima uwe kizidishio cha kipeo cha mbili kinachotosha jedwali zima, yaani 512. Anwani 0x08008000 inakidhi. Anayetaka kuweka kichwa cha sahihi chenye baiti 256 mbele ya famwea na kuanzisha jedwali 0x08008100 amevunja sharti hilo, na makatizo yake hayataaminika hata kama famwea inaanza. Ajaze kichwa mpaka kifike baiti 512.

Kabla hujatangaza ushindi, kuna kosa linalofanana na hili kama pacha. Butloda nyingi huzima makatizo yote kwa __disable_irq kabla ya kuruka, na ni uangalifu mzuri, kwa sababu hutaki katizo litokee wakati staki inabadilishwa. Lakini kuruka si riseti. Riseti halisi inaacha rejista ya PRIMASK ikiwa sifuri, na famwea kuu imeandikwa ikiamini hivyo, haiwashi makatizo kwa kuwa haidhani yamezimwa. Ikirukiwa huku PRIMASK ni moja, SysTick haitaingia kamwe na HAL_Delay itaganda pale pale, taa ikiwa imewaka vile vile. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa dibaga unaweza: VTOR itakuwa sahihi, na p $primask itatoa 1. Dawa ni butloda kusimamisha SysTick, kuzima kila katizo la kifaa na kufuta yanayosubiri kwenye NVIC, kidhibiti cha makatizo, kisha kuita __enable_irq kabla ya kuruka, au famwea kuu iwashe yenyewe mwanzoni mwa main.

Sasa faili la kuanzishia. Kwenye mradi wa GCC wa chipu hii linaitwa startup_stm32f407xx.s, na kazi yake ni mbili. Kwanza linatangaza jedwali, g_pfnVectors, kwenye sehemu iitwayo .isr_vector. Pili linaandika Reset_Handler, inayoweka staki, kuita SystemInit, kunakili thamani za mwanzo za vigeu kutoka flashi kwenda RAM, kusafisha vigeu visivyo na thamani ya mwanzo, kisha kuita main. Ukilikosea, famwea itajengwa na kuchomwa bila lalamiko.

Kosa la kawaida ni la jina. Kila nafasi ya jedwali imejazwa jina dhaifu linaloelekea Default_Handler. Ukiandika funksheni yenye jina lile lile kamili, linka inachukua yako. Ukikosea herufi moja, tuseme USART2_IrqHandler, linka haiwezi kujua ulikusudia nini: inaacha jina dhaifu mahali pake, na funksheni yako inatupwa kwa kuwa hakuna anayeiita. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayeandika kwa C++ akasahau extern "C", kwani kompaila inalibadilisha jina kuwa _Z17USART2_IRQHandlerv. Kila kitu kitakwenda vizuri mpaka baiti ya kwanza iingie kwenye siriali. Hapo prosesa inatumbukia Default_Handler na haitoki.

Ukisimamisha bodi na kukuta iko Default_Handler, usihangaike kubuni ni katizo lipi. Biti 9 za chini za rejista ya xPSR zina namba yake. Ukipata 54, toa 16, baki ni 38, na kwenye F407 namba 38 ni USART2. Kisha uliza linka ilichagua nini:

```
$ arm-none-eabi-nm app.elf | grep USART2_IRQ
08009c94 W USART2_IRQHandler
```

Herufi W inamaanisha jina bado ni dhaifu. Kama funksheni yako ingekuwa imeshika nafasi, ungeona T.

Kosa la pili ni kutumia faili la chipu nyingine, jambo linalotokea mradi unaponakiliwa. Ukichukua faili la STM32F103 yenye flashi ya ukubwa wa kati ukalitia kwenye F407, bodi itaamka, main itafika na hata taa itamweka, kwa sababu nafasi 16 za kiini ni zile zile kwa wote wawili. Hata USART2 iko 38 kote. Lakini jedwali la F103 hiyo linaishia katizo namba 42. USB ya F407 iko namba 67, na ikikatiza, prosesa itasoma neno lililoko baiti 332 kutoka mwanzo wa jedwali, ambalo kwenye faili lile fupi si vekta tena bali ni kipande cha msimbo au data iliyofuata. Italichukulia kuwa anwani na kurukia. Kwa kawaida inaishia HardFault, na ukiangalia rejista ya CFSR kwenye 0xE000ED28 unaweza kukuta 0x00020000, yaani prosesa ilipewa anwani isiyo na biti ya Thumb. DMA nayo ina ujanja wake: katizo namba 11 kwenye F103 linaitwa DMA1_Channel1, kwenye F407 linaitwa DMA1_Stream0. Nafasi ni moja, jina ni jingine, na tunarudi kwenye jina dhaifu.

Kosa la tatu linatoka kwa linka. Ukijenga kwa --gc-sections, linka inatupa kila sehemu isiyotajwa na mwingine, na jedwali la vekta halitajwi na msimbo wowote wa kawaida, linasomwa na prosesa tu. Ndiyo maana faili la linka linatakiwa liwe na KEEP(*(.isr_vector)). Anayeandika faili lake mwenyewe akaliacha neno hilo atapata famwea isiyo na jedwali: msimbo unasogea mbele na kukaa mahali pake, prosesa inachukua maneno mawili ya mwanzo ya msimbo huo na kuyafanya staki na anwani. Kama faili la kuanzishia halikujengwa kabisa, labda kwa kusahaulika kwenye orodha, linka itatoa onyo tu, cannot find entry symbol Reset_Handler, na onyo hilo hupotea kati ya mamia ya mengine. Yote mawili unayaona kabla ya kuchoma:

```
$ arm-none-eabi-objdump -s -j .isr_vector app.elf | head -5
```

Mstari wa kwanza wa data unatakiwa kuanza na 8008000, ukifuatwa na 00000220 459c0008. Hizo ni baiti za 0x20020000 na 0x08009C45 zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo. Ikijibu kwamba sehemu hiyo haipo, hakuna haja ya kugusa bodi.

Limebaki jambo moja linalowachanganya hata wazoefu: famwea inayofanya kazi chini ya dibaga na kuganda ukichomoa umeme na kurudisha. Amri ya load ya gdb, ikimaliza kuandika, inaweka PC kwenye anwani ya kuanzia iliyoandikwa ndani ya faili la ELF. Ukibonyeza kuendelea, prosesa inaanzia Reset_Handler moja kwa moja bila kupita kwenye maneno mawili ya mwanzo wa flashi, na kwa kuwa Reset_Handler ya ST inajiwekea staki yenyewe, hakuna kinachoonekana kukosekana. Famwea ya 0x08008000 inaweza kukimbia namna hiyo hata kama butloda haipo kabisa, mradi VTOR yake imewekwa. Ukirudisha umeme, prosesa inasoma 0x08000000, inakuta flashi tupu, 0xFFFFFFFF mara mbili, na inajifunga. Ukiisimamisha ikiwa hivyo PC inaonyesha 0xFFFFFFFE, alama ya prosesa iliyopata hitilafu ndani ya hitilafu.

Matokeo hayo hayo utayapata ukichoma faili la .bin mahali pasipo pake. ELF na HEX zinabeba anwani, .bin haibebi, ni baiti tupu. Ukiipeleka 0x08000000 badala ya 0x08008000, umeifuta butloda na kuweka mwanzoni jedwali linalosema anza 0x08009C45. Msimbo wenyewe sasa uko KB 32 chini ya hapo. Famwea ikiwa fupi kuliko KB 39 na flashi iliyobaki ikiwa imefutwa, prosesa inatua kwenye flashi tupu, na vekta ya HardFault inayoikimbilia ina uwezekano mkubwa wa kuelekea utupu huo huo. Uhakiki wa kuchoma, bila shaka, ulipita.

Kwa hiyo nikikabidhiwa bodi iliyoganda, siigusi riseti. Nasimamisha ilipo na kusoma PC kwanza. PC ya 0xFFFFFFFE inanipeleka kwenye maneno mawili ya 0x08000000. Ikiwa ndani ya butloda, nasoma VTOR. Ikiwa ndani ya HAL_Delay, nasoma VTOR halafu PRIMASK. Ikiwa Default_Handler ya famwea yenyewe, nasoma xPSR na kurudi kwa nm. Ni mara chache sana nimehitaji kwenda mbali zaidi ya hapo kabla sijajua faili la kufungua.

Wenye Cortex-M0 ya asili, kama STM32F0, wasitafute VTOR, kwa kuwa kiini hicho hakina. Kwao famwea iliyo nyuma ya butloda inalazimika kunakili jedwali lake kwenda mwanzo wa RAM, 0x20000000, kisha kutumia rejista ya SYSCFG kuifanya RAM iwe ndiyo kivuli cha anwani sifuri. Na faili lao la linka lazima litenge nafasi hiyo ya mwanzo wa RAM, la sivyo vigeu vya kwanza vitaandikwa juu ya jedwali, na katizo litakalofuata litarukia thamani ya kigeu.